Mama kabadilishiwa vidonge viwili vya presha, kapewa kimoja. Ni dawa ileile au kapunguziwa?

#1 Kijana_wa_Newala (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Newala. Kwa miaka mitatu asubuhi alikuwa anameza vidonge viwili, amlodipini ya 10 na losatani ya 50. Wiki tano zilizopita alishuka Mtwara mjini kwa mdogo wangu, wakampima wakakuta 168 kwa 94. Daktari akasema kuanzia sasa ameze kidonge kimoja tu, ndani yake kuna dawa mbili. Kwenye boksi imeandikwa telmisatani na amlodipini, 40/5.

Sasa mimi sielewi. Presha ilikuwa juu, halafu amlodipini imeshushwa kutoka 10 hadi 5? Losatani imeenda wapi? Kidonge chenyewe kidogo. Na bei ndiyo kabisa: zile mbili nilikuwa nanunua kama 9,000 kwa mwezi, hii mpya mdogo wangu kalipa 24,000 vidonge 30. Mnasema mbili kwa moja ni nafuu, nafuu ya nani? Mimi naona ni biashara. Tena tangu aanze miguu inavimba na asubuhi anasikia kizunguzungu.

#2 Kuchele_Original
Naweka kiti hapa. Pole kwa mama, mkuu.

#3 MamaSita_Lindi
Mwanangu, usithubutu kumchanganyia mama dawa mbili ukamsagia pamoja! Jirani yangu hapa Mtanda alimsagia mumewe vidonge vyote kwenye uji ili asisumbuke kumeza, kimoja kilikuwa kile cha nifedipini kinachofanya kazi polepole. Baba wa watu alianguka chooni. Kile hakisagwi wala hakivunjwi, dawa yote inamwagika mwilini kwa mkupuo.

#4 Kuchele_Original
Mama hapo #3, kijana hajasaga kitu. Kiwandani ndiko walikochanganya 😂

#5 MamaSita_Lindi
Aah, basi nimesoma harakaharaka. Lakini la kusaga lishikeni hivyohivyo.

#6 Dawa_Masasi
Nipo kwenye famasi mwaka wa 14 sasa, nijibu kwa ninayoyajua.

Losatani haijaenda mbali. Telmisatani ni ndugu yake, zinafanya kazi kwa njia moja. Tofauti kubwa ni muda. Amlodipini inakaa sana mwilini, siku nzima na zaidi. Losatani inaisha mapema, watu wengine inawashikilia vizuri hadi jioni tu, alfajiri presha inapanda. Telmisatani inadumu saa 24. Ukitaka kufunga dawa mbili kwenye kidonge kimoja cha mara moja kwa siku, ni vizuri zote mbili zitembee mwendo mmoja.

Kuhusu 10 kuwa 5: watu wanadhani dozi ikipanda mara mbili basi presha inashuka mara mbili. Haiendi hivyo. Ile 5 ya kwanza ndiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi, 5 ya pili inaongeza kidogo tu, lakini miguu kuvimba ndiko kunakoongezeka sana. Ndiyo maana daktari anaona bora aweke kiasi cha wastani cha dawa mbili zinazoingilia milango tofauti kuliko kuijaza moja hadi mwisho.

Lakini kizunguzungu na miguu hapo vinanipa shaka nyingine. Naomba ujibu swali moja: vidonge vya zamani vilivyokuwa nyumbani viko wapi?

#7 Mchambuzi_wa_Shangani
Naongezea kwa #6. Nilisoma kwamba dawa mbili pamoja zina nguvu mara tano ya dawa moja. Kwa hiyo mama anaweza kuwa amepata dawa kali mno, ndiyo sababu anapata kizunguzungu.

#8 Dawa_Masasi
#7 umekaribia lakini umekosea pa kushika. Hiyo mara tano ilitokana na majumuisho ya tafiti yaliyochapwa 2009. Walilinganisha nyongeza: ukiongeza dawa ya kundi jingine, presha inashuka zaidi kwa kama mara tano ya inavyoshuka ukipandisha dozi ya ileile mara mbili. Siyo kwamba kidonge kina nguvu mara tano. Na mama wa mleta uzi alikuwa tayari yuko kwenye dawa mbili, kwa hiyo hakuna kundi jipya aliloongezewa.

#9 Mchambuzi_wa_Shangani
Sawa mkuu, nimenyooshwa.

#10 Mzee_Mstaafu_Nachingwea
Vijana salamu. Mimi nimekunywa hivi vidonge vya mbili kwa moja kabla hamjavijua. Changu cha kwanza kilikuwa enalaprili na dawa ya kukojoa. Nikakohoa miezi minne, kikohozi kikavu cha usiku. Wakanipima kifua kikuu mara mbili, hakuna. Kumbe ni enalaprili. Nikabadilishiwa kuwa losatani yenye herufi H mwishoni mwa jina, kikohozi kikaisha. Baadaye kidole gumba cha mguu kikawaka moto usiku, shuka likigusa napiga kelele. Wakasema gauti, na ile H ndiyo dawa ya kukojoa, inapandisha asidi ya yuriki.

Ubaya wa kidonge cha namna hii niliuona hapo. Nilitaka kuacha H nibaki na losatani, haiwezekani, vimeoana ndani ya kidonge kimoja. Ilibidi boksi zima nimpe mwenzangu wa kahawa.

#11 Dawa_Masasi
Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri, ila hapo mwisho pa kumpa mwenzako wa kahawa nimejifanya sijasoma.

#12 Mzee_Mstaafu_Nachingwea
Marahaba. Alikuwa na dozi hiyohiyo, usinikamate.

#13 Salpha_na_Korosho
Mleta uzi una haki kulalamika bei, ila piga hesabu yote. Mimi niko Tandahimba, baba yangu anatumia dawa mbili tofauti. Dukani kwetu mwezi huu moja ipo nyingine haipo. Ananunua iliyopo, nyingine mpaka mtu ashuke Mtwara. Nauli kwenda na kurudi inapita bei ya dawa yenyewe. Na hela ikikata, mfano kuanzia mwezi wa pili korosho zimeshauzwa na ada za shule zimeshalipwa, anachagua moja. Kila mara anachagua ya bei rahisi, siyo ile inayomfaa. Kidonge kimoja kingeondoa huko kuchagua.

#14 Kijana_wa_Newala
#13 nakuelewa, lakini kikiwa kimoja na hela ikikata si anakosa zote mbili kwa pamoja?

#15 Salpha_na_Korosho
Hapo umenikamata.

#16 Dawa_Masasi
#14 ni kweli, na mimi hilo nimeliona kaunta. Ila mtu mwenye dawa tatu nne za kumeza huwa anachoka hata kama hela ipo, na anayepewa kimoja hudumu nacho zaidi. Hilo tafiti nyingi zimeonyesha. Shirika la Afya Duniani liliingiza jozi nne za namna hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu 2019: lisinoprili na amlodipini, lisinoprili na ile ya kukojoa, telmisatani na amlodipini, telmisatani na ile ya kukojoa. Mwongozo wao wa 2021 unashauri wagonjwa wengi waanze na dawa mbili, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja.

Lakini kuwa kwenye orodha siyo kuwa kwenye rafu. Telmisatani na amlodipini siku nyingi hazina hakimiliki, kiwanda chochote kinachokidhi masharti kinaweza kutengeneza. Kinachofanya huku kwetu iwe ghali ni kwamba wauzaji wanaagiza boksi chache, kila mmoja kwa jina lake la biashara, na dawa ikitembea polepole muuzaji anaweka faida kubwa. Zile mbili za bei rahisi zinaagizwa kwa wingi. Kwa hiyo mleta uzi hajakosea, mfukoni mwake hiyo mpya ni ghali kweli.

Bado nasubiri jibu la #6.

#17 Kuchele_Original
Mkuu #16 anafuatilia kama askari wa trafiki wa Mnazi Mmoja 😂

#18 Fundi_Friji_Mikindani
Kwa baba yangu hicho hicho kidonge cha telmisatani kilianza vizuri, mwezi wa kwanza 136 kwa 82. Mwezi wa pili 160 na kitu. Dada yangu alikuwa ameona mzee anasahau, akatoa vidonge vyote kwenye karatasi yake ya bati, akavipanga kwenye kopo dogo la mafuta ya kujipaka. Nilipovishika vilikuwa laini kama pipi iliyolambwa, vingine vimeganda pamoja. Nyumba yetu iko hatua chache kutoka baharini, hata chumvi ya mezani inakuwa maji.

#19 Dawa_Masasi
#18 hilo watu wengi hawalijui. Telmisatani inavuta unyevu. Kinatakiwa kitolewe kwenye bati pale pale unapotaka kumeza, siyo kabla. Hata sisi wauzaji tunakosea, tunakata pakiti na kumwaga vidonge kwenye bahasha. Kwa amlodipini peke yake ulikuwa husikii malalamiko, kwa hii jozi utayasikia. Kikishalainika usimeze. Kama anasahau, kata bati kwa mkasi kidonge kimojakimoja kikiwa bado kimefungwa, kisha andika siku kwa kalamu.

#20 Mchambuzi_wa_Shangani
Mimi sikubali kwamba ni unyevu. #18, mzee wako ana maumivu ya magoti?

#21 Fundi_Friji_Mikindani
Anayo. Anameza diklofenaki karibu kila siku, anaita dawa ya uzee.

#22 Mchambuzi_wa_Shangani
Haya! Diklofenaki inapandisha presha na inapunguza nguvu ya hizo dawa. Safari hii #6 hawezi kunisahihisha.

#23 Dawa_Masasi
Sikusahihishi, umepiga penyewe. Na ikikutana na telmisatani inachosha figo, hasa kwa mzee. Sasa kwa baba wa #18 ni unyevu au diklofenaki, kutoka huku mbali siwezi kusema. Inaweza kuwa vyote.

#24 MamaSita_Lindi
Na ng'onda je? Mnataja mabati na magoti, mzee wa Mikindani anakula ng'onda na chumvi yake asubuhi mpaka jioni. Hiyo ndiyo presha.

#25 Fundi_Friji_Mikindani
Mama, ng'onda amekula tangu azaliwe, na mwezi wa kwanza ilikuwa 136.

#26 Kijana_wa_Newala
Wakuu samahani, nilikuwa nampigia mama. #6 sijui uliona wapi.

Vidonge vya zamani bado anavyo, na anavimeza. Losatani iliisha kabla hajaenda Mtwara, lakini amlodipini ya 10 alikuwa nayo karatasi nne kamili, vidonge 40, kwenye kopo. Leo kopo lina 9. Boksi la mpya lilikuwa na 30, limebaki na 4. Nilimuuliza kwa nini, akasema "ile nyeupe ndogo ndiyo dawa yangu niliyoizoea, hii mpya wamesema ya kuongezea." Nani kamwambia ya kuongezea hakumbuki. Mdogo wangu anasema waliambiwa dirishani "meza hiki kimoja kila siku", basi.

#27 Dawa_Masasi
Asante kwa kuhesabu, wengi hawafanyi. Tupige hesabu pamoja.

Wiki tano ni siku 35. Amlodipini ya zamani imetumika 31. Kidonge kipya kimetumika 26. Jumla ni 57 ndani ya siku 35, kwa hiyo kuna siku zisizopungua 22 amemeza vyote viwili. Siku hizo amlodipini ni 10 ya zamani na 5 iliyo ndani ya mpya, jumla 15. Mwisho wa dozi ya mtu mzima ni 10. Na juu yake kuna telmisatani 40. Kizunguzungu na miguu vina mahali pa kutokea.

Halafu tazama upande wa pili. Kipya kilitakiwa kiwe kimeisha siku tano zilizopita, lakini kuna siku 9 hakumeza. Nadhani bei ndiyo imemfanya abane. Yaani dawa moja inazidi, nyingine inapungua, na sote tunasema anatumia dawa vizuri kwa sababu kila asubuhi anameza kitu.

Cha kufanya: kopo la zamani liondoke nyumbani leo. Kipya asikiache mwenyewe. Apimwe presha zahanati akiwa amekaa, kisha tena akiwa amesimama dakika chache. Kama akisimama inaanguka sana au anazimia, asisubiri, aende siku hiyohiyo. Amlodipini haitoki mwilini kesho, itachukua siku kadhaa kupungua, na miguu inaweza kuchelewa zaidi. Siku ya kliniki abebe maboksi yote, mapya na makopo, aweke mezani. Na amwombe daktari kipimo cha damu cha figo na potasiamu, maana hizi za kundi la telmisatani zinataka kuangaliwa hapo.

#28 Kuchele_Original
Kweli Newala watu wanabana. Maji mlibania, dawa nayo mnabania.

#29 Kijana_wa_Newala
Wewe wa bondeni ngoja, maji yetu tunayachota kwa jasho 😂 Ila mama kizunguzungu kilimpata akiinua ndoo, sicheki sana.

#30 Halima_wa_Kilwa
Samahani naingia kati. Nina miaka 34, nina presha tangu uzazi wa pili. Nimepewa kidonge hicho hicho cha telmisatani na amlodipini. Tunapanga mtoto mwingine. Hakuna aliyeniuliza. Kuna shida?

#31 Dawa_Masasi
Dada #30 rudi kliniki kabla ya kushika ujauzito, waambie wazi kwamba unapanga. Telmisatani na ndugu zake wote, na zile zinazoishia na "prili", zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa figo zake. Amlodipini peke yake siyo tatizo la namna hiyo, lakini ndani ya kidonge kimoja huwezi kutoa moja. Kuna dawa nyingine wanazotumia kwa wajawazito kama methaildopa na nifedipini. Usikatishe tu ukakaa bila kitu.

#32 Halima_wa_Kilwa
Asante sana kaka.

#33 Mtaalamu_wa_Mtaani
Mimi nasikia hizo za "prili" hazifanyi kazi kwa watu weusi kabisa, wanatuuzia za wazungu.

#34 Dawa_Masasi
"Kabisa" ndiyo iliyozidi. Ikiwa peke yake, kwa wengi wetu inashusha kidogo kuliko amlodipini. Ikipata mwenza mzuri mambo yanabadilika. Kuna utafiti unaitwa CREOLE ulitoka 2019, wagonjwa 728 weusi katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Uganda na jirani zetu wa Msumbiji. Walilinganisha jozi tatu. Jozi mbili zenye amlodipini ndani, moja na perindoprili na nyingine na dawa ya kukojoa, zilishinda jozi ya perindoprili na dawa ya kukojoa. Kati ya hizo mbili hakukuwa na mshindi. Kwa hiyo "prili" akiolewa na amlodipini anafanya kazi.

#35 Mzee_Mstaafu_Nachingwea
Mimi ndoa ya prili niliifunga, nikabaki nakohoa.

#36 Salpha_na_Korosho
Kuna jambo la miguu hamjamaliza. Huku kwetu mguu ukivimba watu wanasema matende. Mama yangu mdogo alivimba miguu kwa amlodipini, akaambiwa dawa ya kampeni ya matende hakumeza ndiyo maana. Zahanati moja wakampa dawa ya kukojoa kuondoa maji. Alikojoa usiku kucha, miguu ikabaki palepale.

#37 Dawa_Masasi
Kwa sababu maji yale hayatokani na mwili kujaa maji. Amlodipini inatanua mishipa midogo inayoleta damu, ile inayorudisha inabaki kama ilivyo. Fikiria umefungua bomba la kuingiza bila kufungua la kutolea, maji yanachuruzika pembeni, na mguu uko chini. Dawa ya kukojoa hapo husaidia kidogo sana. Telmisatani au losatani zinafungua na upande wa kutolea, ndiyo maana jozi hii huvimbisha kidogo kuliko amlodipini nyingi peke yake. Ukiivuruga kwa kuongeza ya kopo, faida hiyo inaliwa.

Uvimbe wa amlodipini huwa miguu yote miwili, jioni mkubwa, asubuhi umepungua. Matende ya muda mrefu ngozi inakuwa nene na ngumu, na mara nyingi mguu mmoja umeushinda mwingine.

#38 Kijana_wa_Newala
Nimerudi baada ya siku tisa. Kopo nimelichukua, niko nalo huku kazini. Zahanati walimpima: amekaa 134 kwa 80, amesimama 126 kwa 78. Kizunguzungu kimeisha. Mguu wa kushoto umerudi kawaida. Wa kulia bado umevimba, asubuhi na jioni sawa.

Bei: daktari kasema kama 24,000 ni mzigo atamrudishia vidonge viwili, amlodipini ya 5 na losatani. Mama hataki, anasema kimoja amekizoea sasa. Mimi ndiye ninayelipa.

#39 Dawa_Masasi
Presha nzuri. Ila mguu mmoja tu kubaki hivyo sipendi. Una maumivu kwenye shavu la mguu, una joto? Kama ndiyo, aende hospitali leo, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Hilo halingoji kliniki ya mwezi ujao.

#40 Kijana_wa_Newala
Anasema hauumi wala hauna joto. Anasema mguu huo ulishawahi kuvimba zamani kidogo, kabla hata ya presha, hakutuambia.

#41 MamaSita_Lindi
Si niliwaambia? Matende hayo.

#42 Mchambuzi_wa_Shangani
Mama wewe ulituambia ng'onda.

#43 Dawa_Masasi
Hauumi, sawa, lakini bado auonyeshe kwa daktari wiki hii. Mpigeni picha miguu yote miwili sambamba, asubuhi na jioni, aende nazo.

#44 Kijana_wa_Newala
Jumatatu anashuka. Nimemwambia abebe na kopo, kanikumbusha kwamba kopo ninalo mimi.